KICHWA KINABANA? PEREMENDE, KUBONYEZA AU MASAJI: KIPI KINASAIDIA KWELI?

Wiki hii tunaingia kichwani, tena kichwani kwenyewe. Nazungumzia kile kichwa kinachoanza kubana saa nane mchana ukiwa kazini, kinaanzia kisogoni, kinapanda juu, kinazunguka mpaka kwenye paji la uso, basi unajiona kama umefungwa mkanda na mtu mwenye hasira nao. Hakidundi, hakikutapishi, lakini raha yote ya siku inakwisha.

Hicho wataalamu wanakiita kichwa cha mkazo, na ndicho kinachosumbua watu wengi kuliko aina nyingine yoyote ya maumivu ya kichwa. Kwetu dawa yake inajulikana: unamtuma mtoto dukani, analeta vidonge viwili, unameza na maji, maisha yanaendelea. Siku hizi lakini kumezuka mengine. Huyu anakwambia pakaa mafuta ya peremende, yule anakuambia jibonyeze hapo katikati ya kidole gumba na cha shahada, na saluni nazo zimeweka vitanda vya masaji. Kila mmoja anaapa kwamba chake ndicho kiboko.

Sasa kiapo siyo ushahidi, jamani. Makala haya yanauliza swali moja tu: katika hayo matatu, lipi limewahi kupimwa likaonekana linafanya kazi, na linafanya kazi kiasi gani?

KWANZA UJUE NI KICHWA GANI

Usianze kupaka kitu kabla hujajua unachotibu. Kichwa cha mkazo huuma pande zote mbili. Maumivu yake ni ya kubana au kugandamiza, siyo ya kudunda. Ni ya wastani, maana unaweza ukafanya kazi japo kwa kununa, na ukipanda ngazi hayaongezeki. Yanaweza kukaa nusu saa, yanaweza kukaa hata wiki.

Kipandauso ni habari nyingine. Chenyewe mara nyingi hushika upande mmoja, kinadunda, kinaleta kichefuchefu, na mwenyewe hataki mwanga wala kelele, anataka chumba chenye giza. Ninayoeleza hapa chini yalipimwa kwa watu wenye kichwa cha mkazo. Mwenye kipandauso asije akapaka, akakosa nafuu, halafu akasema gazeti limemdanganya.

Na ukiwa na homa, acha kubahatisha. Kichwa chenye homa kwa nchi zetu hizi ni cha kwenda kupimwa malaria, siyo cha kupakwa peremende.

PEREMENDE ILIVYOINGIZWA DARASANI

Mwaka 1996 daktari mmoja wa Ujerumani, Hartmut Göbel, wa mji wa Kiel, alichapisha pamoja na wenzake jaribio ambalo mpaka leo ndilo linalotajwa sana kwenye habari hii. Nitalieleza polepole kwa sababu ukilielewa hili, utaweza kumpima mtu yeyote anayekuuzia dawa ya kichwa.

Walichukua watu 41 wenye kichwa cha mkazo. Kila mmoja akafuatiliwa kwa vichwa vinne, yaani mara nne tofauti alizoumwa. Hapo unapata vichwa 164. Mara moja alipewa mafuta ya peremende ya kupaka pamoja na kidonge bandia kisicho na dawa. Mara nyingine alipewa mafuta bandia pamoja na parasetamoli ya kweli, gramu 1, yaani vile vidonge viwili vya kawaida. Mara nyingine vyote viwili vilikuwa vya kweli, na mara nyingine vyote viwili vilikuwa bandia. Mgonjwa hakuambiwa leo ni zamu ya nini.

Sasa hapo utauliza: huyo mgonjwa hana pua? Peremende inanuka mpaka kwa jirani! Hata wao waliliona hilo. Ndiyo maana kwenye mafuta bandia walitia tone kidogo sana la peremende, ili yanukie lakini yasiwe na nguvu. Ujanja mzuri, ingawa haukumaliza tatizo lote, maana ule ubaridi wa peremende ya kweli kwenye ngozi hauwezi kufichwa kabisa. Hilo ni doa dogo la jaribio hili, na doa jingine ni kwamba watu 41 siyo wengi.

Matokeo? Dakika 15 tu baada ya kupaka, waliopakwa ya kweli walikuwa na nafuu kuliko waliopakwa ya bandia, na nafuu ikaendelea kwa saa nzima waliyopimwa. Walipolinganisha peremende na parasetamoli, hawakuona tofauti ya maana kati yao. Aliyetumia vyote viwili kwa pamoja alielekea kupata nafuu zaidi kidogo.

Mwaka huohuo 1996 madaktari wa Australia nao walijaribu ile dawa ya kichina ya kuchua yenye picha ya chui milia kwenye kikopo. Ndani yake kuna mentholi, ambayo ndiyo kitu kikuu kwenye peremende, pamoja na kafuri na vinginevyo. Nao waliona kwamba inashinda dawa bandia na haipitwi na parasetamoli. Kwa hiyo bibi aliyekuwa anakupaka ile kitu kwenye panja hakuwa anakutania.

KWA NINI UBARIDI UTULIZE MAUMIVU?

Ngozi ina neva zinazohisi baridi. Mentholi ikigusa neva hizo inazidanganya, zinapeleka habari kwenye ubongo kwamba hapa kuna barafu, wakati joto la ngozi halijabadilika hata kidogo. Kitasa kinachofunguliwa na mentholi kwenye neva hizo kiligunduliwa mwaka 2002, na wawili waliokigundua kila mmoja kwa njia yake, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao ya kueleza jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Inavyoaminika, habari za baridi zikijaa njiani, habari za maumivu zinapita kwa shida. Ni sawa na ulivyojigonga kidole ukakisugua: unachofanya ni kuupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza.

INAVYOTUMIKA, HATUA KWA HATUA

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kilichopimwa Kiel siyo mafuta makali kama yalivyotoka kiwandani. Ilikuwa sehemu 10 za mafuta ya peremende ndani ya sehemu 100 za mchanganyiko, na kilichobaki ni spiriti, yaani ethanoli. Ukinunua kichupa cha mafuta ya peremende halisi, mpelekee mfamasia akuchanganyie kwa kipimo hicho: gramu 10 za mafuta, akijaza ethanoli mpaka zifike gramu 100. Usitumie spiriti ya kuwashia taa, ile ina sumu.

Asiyepata mfamasia anaweza kuchanganya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya peremende na vijiko tisa vya mafuta ya alizeti. Ubaridi utausikia, lakini ujue kwamba huo siyo mchanganyiko uliopimwa, kwa hiyo usiudai matokeo yaleyale.

Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ungoje mpaka kesho yake. Ngozi isipowasha wala kutoa vipele, endelea. Kichwa kikianza, usingoje kipambe moto. Lowesha pamba, pitisha safu nyembamba kwenye paji la uso lote mpaka kwenye panja zote mbili. Rudia baada ya dakika 15, na mara ya tatu baada ya dakika 30. Basi. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho, na kaa mbali na jiko na sigara mpaka spiriti ikauke.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, wengine wanauziwa arki ya minti ya kutilia keki wakidhani ni mafuta. Dondoshea tone kwenye glasi ya maji: mafuta halisi yanaelea juu, arki ya keki kwa kawaida inayeyuka na kupotea. La pili, nanaa ya bustanini ya kutilia chai siyo peremende, mentholi yake ni kidogo mno, kwa hiyo kujifunga majani yake kichwani ni urembo tu. La tatu na kubwa: usimpake mtoto mchanga wala mtoto mdogo mafuta haya usoni au karibu na pua. Mentholi inaweza kumbana koo akashindwa kupumua. Hilo siyo la kujaribu.

KUBONYEZA: JINA KUBWA, USHAHIDI MDOGO

Haya, twende kwenye kubonyeza. Wachina wanakitaja sana kituo kiitwacho Hegu. Bana kidole gumba na cha shahada pamoja, utaona kilima cha nyama kinainuka kati yao. Hapo ndipo. Wanasema bonyeza kwa nguvu kiasi cha dakika mbili kila mkono. Kituo kingine ni vile vishimo viwili chini ya kisogo, pale shingo inapokutana na fuvu.

Je, imepimwa? Kubonyeza kwenyewe kwa vidole kumepimwa kidogo sana, na majaribio yaliyopo ni ya watu wachache mno kuweza kuyajengea nyumba. Watu wanachofanya ni kuazima sifa za ndugu yake, yaani sindano za kichina. Sindano zimepimwa vizuri zaidi. Mwaka 2016 kundi la watafiti liitwalo Cochrane lilikusanya majaribio 12 yenye watu 2,349. Waliochomwa sindano mahali panapostahili, takriban 51 katika kila 100 siku zao za kuumwa zilipungua kwa nusu au zaidi. Waliochomwa kwa kudanganywa, mahali pasipohusika au bila kuzamisha sindano, nao walikuwa 43 katika 100.

Zitazame hizo namba mbili kwa makini. Faida ipo, lakini ni watu 8 tu katika 100 wanaoitofautisha sindano ya kweli na ya uongo. Sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kulala, kutulia, kuhudumiwa na kuamini. Tena hayo ni ya sindano zilizochomwa kwa wiki kadhaa ili kuzuia vichwa vijavyo, siyo ya kukimaliza kilichopo sasa hivi. Kwa hiyo anayekwambia ukibonyeza Hegu kichwa kinakatika palepale kama taa ya umeme, huyo anauza maneno.

Mimi sikukatazi kubonyeza. Hakuna gharama na hakuna hatari ya maana. Ila wenye mimba kwa desturi ya Wachina wenyewe huambiwa wakiache kituo cha Hegu, na kwa kuwa faida yake haijathibitishwa, hawapotezi kitu wakitii.

MASAJI: TAMU, LAKINI...

Sasa masaji. Hapa najua nagusa wengi, maana hakuna asiyependa kukandwa mabega. Na kweli, ukimbonyeza mwenye kichwa cha mkazo kwenye misuli ya shingo na mabega, utakuta mafundo yanayouma. Ndiyo maana mtu anafikiri: nikiyafungua mafundo, kichwa kitaisha.

Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani, Albert Moraska, na wenzake walichapisha jaribio la watu 56. Kundi moja lilikandwa shingo na mabega kwenye mafundo yale, dakika 45 kila mara, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Hesabu yake ni mara 12. Kundi la pili lilipitishiwa mashine ya mawimbi ya sauti ambayo, bila wao kujua, haikuwa inatoa mawimbi yoyote. Kundi la tatu liliambiwa lisubiri.

Vichwa vilipungua kwa waliokandwa. Lakini vilipungua pia kwa waliopitishiwa mashine isiyofanya kazi, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana! Hapo masaji ilibanwa mbavu. Hata hivyo haikutoka mikono mitupu. Waliokandwa walisema wenyewe kwamba wanajiona nafuu zaidi kuliko wenzao, na misuli yao ilipobonyezwa na kipimo ilistahimili zaidi kabla ya kuuma.

Maana yake ni nini kwa mfuko wako? Masaji inalegeza misuli na inakupa raha, ila usiilipie kwa ahadi kwamba itafuta vichwa kuliko kitu kingine chochote cha kukutuliza. Kama hela ipo na unaipenda, nenda. Kama hela ni ya ada ya mtoto, mwambie mwenzio nyumbani akukande mabega bure jioni.

Kitu kimoja lakini nakataa kabisa: ule mtindo wa vinyozi wa kumaliza kunyoa halafu wanakukamata kichwa na kukizungusha ghafla mpaka shingo ilie "ko!" Hiyo siyo masaji. Ndani ya shingo imepita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Kuivuta kwa ghafla kunaweza, mara chache lakini kweli, kuuchana mshipa na kuleta kiharusi. Ukizungushwa shingo halafu ukapata maumivu mapya ya shingo, kizunguzungu, kuyumba au ulimi mzito, usirudi kwa kinyozi kulalamika, nenda hospitali mbio.

HESABU YA FUNDI CHEREHANI

Utasema, basi kwa nini tusiendelee na vidonge vyetu tu, si parasetamoli inafanya kazi? Inafanya. Tatizo ni idadi ya siku.

Tumchukue kwa mfano fundi cherehani, anayeinama juu ya mashine kutwa. Kichwa kinambana Jumatatu mpaka Alhamisi, kila mchana anameza viwili. Anaona ni vidonge vichache. Tumhesabie: siku 4 kwa wiki, kwa mwezi ni siku 17 hivi. Sasa sikiliza. Mtu anayemeza vidonge vya kawaida kama parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yuko kwenye hatari ya vidonge vyenyewe kuanza kuleta kichwa. Kwa vile vyenye mchanganyiko wa kafeini au kodeini, mpaka ni siku 10 tu. Dalili yake ni kwamba anaamka asubuhi kichwa tayari kinabana, anameza, kinapoa, kinarudi, anameza tena. Yeye anadhani ugonjwa umezidi, kumbe ni dawa inayomzungusha.

Fundi huyu afanye nini? Achukue kidaftari, siku ya kichwa aweke alama, siku ya kidonge aweke alama nyingine. Vichwa vya mchana vinavyoanza pole aanze navyo kwa peremende, asubiri saa moja, kisha kidonge kiwe cha siku ambayo peremende imeshindwa. Ikimfaa nusu ya siku zake, tayari amerudi kwenye siku 8 au 9 za vidonge, chini kabisa ya mpaka. Ainue kiti chake asiiname mno, na kila baada ya muda asimame anyooshe shingo. Ajue pia kwamba mtu aliyezoea vidonge akivipunguza, kichwa kinaweza kuzidi kwa siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, kabla ya kupungua. Wengi hukata tamaa hapo. Kama alikuwa anameza karibu kila siku, au alikuwa anatumia vyenye kodeini, aviache akiwa chini ya daktari.

Hapo ndipo ilipo thamani ya peremende, ndugu msomaji. Siyo muujiza. Ni zamu moja ya kukipumzisha kidonge.

USIPAKE, NENDA HOSPITALI

Kuna vichwa ambavyo mafuta, vidole na masaji vinapoteza muda tu. Kichwa kilichopasuka ghafla kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa chenye degedege, kuchanganyikiwa, upande mmoja wa mwili kulegea au macho kuona ukungu. Kichwa baada ya kugongwa au kuanguka. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50. Kichwa kinachozidi siku hadi siku kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi. Na mama mjamzito aliyevuka miezi mitano, kichwa kikimuuma sana, hasa akivimba uso au kuona nyotanyota, apimwe presha siku hiyohiyo, maana kifafa cha mimba hakibishi hodi mara mbili.

Ukiwa na kichwa cha kawaida cha kubana, basi sasa unajua msimamo ulivyo: peremende imepimwa na inasaidia, masaji inastarehesha, kubonyeza ni bure lakini bado hakujathibitishwa. Na kidaftari usikisahau. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.